Baraza Limekosea, au Limevuka Mpaka Wake? Mwongozo kwa Mpangaji wa Duka Malindi na Karani wa Wakili Wake

Nilipokuwa karani mchanga katika ofisi ya wakili hapa Malindi, niliandika waraka wa mahakama wenye sentensi hii: "Baraza lilikosea kabisa kwa kutoamini risiti za mteja wetu." Nikaufungua kama ombi la mapitio badala ya rufaa. Ombi likatupwa kabla ya saa nne asubuhi, na siku za kukata rufaa zilikuwa zimeshapita. Risiti zilikuwa za kweli na baraza lilikuwa limekosea. Nilichokosa kukijua ni kosa la aina gani.

Mwongozo huu ni wa kuitambua aina hiyo kabla hujalipa ada. Nitashika baraza moja tu, lile linaloamua mizozo ya kodi za majengo ya biashara chini ya Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, kwa sababu ndilo linalowagusa wenye maduka, mikahawa na hoteli kuanzia Lamu Road hadi mitaa ya ndani. Ukilielewa hili, mabaraza mengine yataeleweka kwa urahisi.

Anzia kwa Kadhi

Watu wa pwani tayari wanaijua tofauti hii kati ya kukosea na kuvuka mpaka, ila hawaipi jina.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja, hakuna mrithi mwingine. Madeni yamelipwa, wasia umetimizwa. Kadhi anawagawia nusu kwa nusu. Amekosea, kwa maana mvulana ana mafungu mawili na msichana moja. Lakini mirathi ni kazi yake. Alikuwa mahali pake, akafanya kazi yake vibaya. Hilo ni kosa ndani ya mamlaka, na dawa yake ni rufaa.

Sasa wavuvi wawili wanampelekea Kadhi huyo huyo deni la mashine ya boti. Anawasikiliza vizuri, anapiga hesabu sawasawa, na anaamua kwa haki kuliko hakimu yeyote. Uamuzi huo hauna nguvu. Ibara ya 170(5) ya Katiba ya 2010 imempa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa sheria ya Kiislamu, tena pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda kwake. Deni la mashine halimo. Hili ni kosa la mamlaka, na halipungui hata kama hukumu yenyewe ni nzuri.

Angalia pia hilo neno "zimekubali". Kwa kawaida makubaliano ya watu hayawezi kulipatia baraza mamlaka ambayo sheria haikulipatia. Kwa Kadhi, sheria yenyewe imeyafanya makubaliano kuwa sharti la kuingia, kwa hiyo mmoja akikataa, mlango unabaki umefungwa. Mtu asichanganye mambo haya mawili.

Kwa nini majaji walihitaji mstari huu

Mahakama Kuu za mfumo tuliourithi kutoka Uingereza zilikuwa na kazi mbili juu ya vyombo vya chini. Ya kwanza ni rufaa, na rufaa hutolewa na sheria: pasipoandikwa rufaa, hakuna rufaa. Ya pili ni usimamizi, ambao leo tunauita mapitio, yaani kuita kumbukumbu za shauri na kuangalia kama chombo hicho kimekaa ndani ya uwezo kiliopewa. Hii ya pili haikuhitaji ruhusa ya sheria yoyote, lakini ilikuwa na mipaka. Jaji msimamizi hakuruhusiwa kusema, "Ningekuwa mimi ningeamua vingine." Angesema hivyo, usimamizi ungegeuka rufaa ya mlango wa nyuma.

Hapo ndipo mstari ulipopata kazi. Kosa lililovunja mamlaka liliweza kufutwa. Kosa la ndani liliachwa, isipokuwa kosa la sheria lililoonekana wazi kwenye karatasi za uamuzi wenyewe. Njia hiyo ya pili ilikuwa imefifia sana mpaka mwaka 1952, mahakama ya Uingereza ilipoifufua katika shauri la karani wa hospitali aliyepunjwa fidia ya kupoteza kazi na baraza la rufaa la Northumberland.

Halafu bunge likaanza kuandika vifungu vya kufunga mlango: uamuzi wa baraza fulani usihojiwe katika mahakama yoyote. Ungefanya nini na kifungu kama hicho? Jibu lilikuja Desemba 1968, katika shauri la kampuni ya Anisminic, na yafaa lielezwe polepole kwa sababu mawakili wengi hulitaja bila kujua kilichotokea.

Kampuni hiyo ya Kiingereza ilikuwa na mali Misri. Mali ikashikwa wakati wa vita vya Suez mwaka 1956, kisha kampuni ikaiuzia taasisi ya Kimisri. Baadaye Misri ililipa Uingereza pauni milioni 27.5 za kufidia mali za Waingereza, na tume ya fidia ikapewa kazi ya kuzigawa. Sheria ya tume, ya mwaka 1950, ilisema uamuzi wake usihojiwe mahakamani. Tume ikaikatalia kampuni kwa hoja kwamba aliyeirithi mali hiyo, yaani ile taasisi ya Kimisri, hakuwa Mwingereza. Lakini kwa jinsi majaji walivyoisoma amri iliyoiongoza tume, mwenye mali asilia anapodai mwenyewe, uraia wa aliyerithi mali haumhusu hata kidogo. Tume ilikuwa imejiongezea sharti ambalo hakuna aliyeliandika.

Majaji watatu dhidi ya wawili walisema hivi, kwa maneno yangu: tume iliingia kihalali, lakini ndani ya chumba ikajiuliza swali ambalo haikutumwa kuliuliza, kwa hiyo kilichotoka humo si uamuzi, ni kivuli cha uamuzi. Kifungu cha kufunga mlango hulinda uamuzi, hakilindi kivuli. Tangu hapo kosa la mamlaka halikuwa tena la mlangoni tu. Chombo kinaweza kuanza kikiwa na mamlaka na kuyapoteza njiani: kwa kujiuliza swali lisilo lake, kwa kumnyima mtu nafasi ya kusikilizwa, kwa kupima mambo ambayo sheria imeyakataza, au kwa kuacha yale iliyoamuru yapimwe.

Kwetu Kenya mstari huu uliingia na maneno yake. Mwaka 1989 Mahakama ya Rufani, katika shauri la meli iliyoitwa Lillian S, ilisema kwamba mamlaka ndiyo kila kitu, na kwamba mahakama ikiona haina mamlaka huweka zana chini papo hapo. Hakuna wakili wa pwani asiyeinukuu meli hiyo. Wengine huinukuu mpaka penye kosa la hesabu ya kodi, na hapo ndipo jaji huvua miwani.

Waliouona mstari huu kwa macho yao zaidi ni watu wa mashamba. Sheria ya Mabaraza ya Mizozo ya Ardhi ya 1990 iliwapa wazee mambo matatu tu: mipaka na mgawanyo wa shamba, dai la kukaa au kulima, na uvamizi. Wazee, kwa nia njema, wakawa wanaamua nani mwenye hati na kuagiza ardhi iandikwe jina jingine. Maamuzi yakafutwa moja baada ya jingine, hata pale ambapo kila jirani alijua wazee wamesema kweli. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 2011.

Shauri la mfano

Hili nimelitunga ili tulifanyie kazi.

Mpangaji ana duka la vifaa vya ujenzi Lamu Road, Malindi. Mkataba wake umeandikwa na kusajiliwa, wa miaka sita, kuanzia tarehe 1 Machi 2021 hadi 28 Februari 2027. Kodi ni shilingi 45,000 kwa mwezi. Hakuna mahali mkataba unaporuhusu upande wowote kuuvunja kwa notisi tu, unavunjwa kwa ukiukaji wa masharti peke yake.

Tarehe 3 Februari 2025 mwenye nyumba anampa notisi ya fomu ya Sura ya 301: atoke ifikapo 1 Mei 2025, kwa sababu hakulipa Novemba na Desemba 2024. Mpangaji anakimbilia barazani kuipinga. Tarehe 18 Agosti 2025 baraza linaamua mambo manne:

Kwanza, upangaji huu uko chini ya sheria yake. Pili, mpangaji hana haki ya kupinga notisi kwa sababu leseni yake ya biashara ya kaunti ya mwaka huo haikuwapo. Tatu, hata angekuwa nayo, kodi ya miezi miwili haikulipwa, na ujumbe wa M-Pesa wa Desemba alioonyesha hautoshi. Nne, atoke ifikapo 30 Septemba.

Mpangaji anaingia ofisini na bahasha. "Karani mwanangu," anasema, maana ni mtu mzima na mimi kwake ni kijana, "wamenionea. Pesa nililipa." Na kweli, ujumbe wa M-Pesa upo. Lakini kama nilivyojifunza kwa gharama yangu, hapo si pa kuanzia.

Hatua ya kwanza: chukua uamuzi ulioandikwa, si habari za koridoni

Omba nakala iliyothibitishwa ya uamuzi na ya mwenendo wa shauri siku hiyo hiyo. Bila uamuzi mbele yako huwezi kujua baraza lilijiuliza nini. Tena ukija kuomba amri ya kuufuta, Kanuni ya 53 ya Mwenendo wa Madai inataka nakala ya uamuzi unaotaka ufutwe iwasilishwe mahakamani, ikithibitishwa kwa hati ya kiapo, kabla ya kusikilizwa. Nimeona ombi zuri likilala chini kwa sababu nakala ilikuwa njiani.

Hatua ya pili: lisome duka, kisha usome sheria

Jiulize sheria inalipatia baraza watu gani. Sura ya 301 hulipatia upangaji unaolindwa, na huo ni upangaji wa duka, hoteli au mahali pa chakula ambao haukuandikwa. Au umeandikwa lakini hauzidi miaka mitano. Au umeandikwa wa miaka mingi zaidi lakini una kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka mitano ya mwanzo kwa sababu isiyo ukiukaji wa masharti. Zaidi ya hayo, upangaji ambao serikali au serikali ya mitaa ni upande mmojawapo haumo kabisa.

Hicho kipengele cha kuvunja ndicho kinachowaponza wengi. Mikataba mingi hunakiliwa kutoka mkataba mmoja hadi mwingine, na ndani yake huwa mna mstari mmoja: upande wowote unaweza kutoa notisi ya miezi mitatu. Mstari huo peke yake huurudisha mkataba wa miaka kumi mikononi mwa baraza. Kwa hiyo usitazame miaka iliyo ukurasa wa kwanza tu. Soma hadi mwisho, na kama kuna barua ya nyongeza, isome pia.

Mkataba wetu ni wa miaka sita, umesajiliwa, na hauna mstari huo. Haulindwi na Sura ya 301. (Usingesajiliwa, kungekuwa na vita vingine kabla ya hivi: ni upangaji gani hasa uliopo kati yao.)

Hatua ya tatu: kipimo cha faili

Hiki ndicho kipimo ninachokitumia. Kwa kila jambo baraza lililokosea, jiulize: kama lingelipata jibu sahihi hapo, lingefanya nini na faili? Kama lingelifunga na kuwaambia watu waende kwingine, kosa ni la mamlaka. Kama lingeendelea na kazi yake, ila mshindi angebadilika, kosa liko ndani ya mamlaka.

Tukipime kwenye mambo yetu.

Jambo la kwanza: baraza lingeona kwamba mkataba wa miaka sita haulindwi, lingefunga faili. Ni kosa la mamlaka. Mwenye nyumba atakuja na hoja moja kali: kifungu cha 12 cha sheria hiyo kinalipatia baraza uwezo wa kuamua kama upangaji unalindwa au la, kwa hiyo likikosea hapo limekosea ndani ya kazi yake. Hoja hii ina umri mkubwa, nayo ni ya maana. Jibu lake ni kwamba chombo lazima kiweze kuangalia kama kimesimama mahali pake, vinginevyo kisingeweza hata kuanza. Lakini hakiwezi kujipanulia mahali hapo kwa kujipima vibaya. Jaji atausoma mkataba mwenyewe, bila kufungwa na jibu la baraza. Kwa swali kama hili, ambalo jibu lake liko kwenye karatasi mbili, hana taabu. Lingekuwa swali la nani aliyeaminika zaidi kizimbani, kwa mfano kama kulikuwa na makubaliano ya mdomo, jaji angesita zaidi kumpiku aliyewaona mashahidi.

Jambo la tatu, nalileta kabla ya la pili kwa makusudi: M-Pesa ya Desemba. Baraza lingeukubali ujumbe, lingesema deni ni la mwezi mmoja, si miwili kama notisi ilivyodai. Huenda mpangaji angeshinda, na faili lingebaki pale pale. Ni kosa ndani ya mamlaka. Hata liwe kubwa na la kuudhi, kwa kipimo cha zamani halimpi jaji msimamizi mlango. Ndilo lililonitupa nje ile asubuhi.

Jambo la pili ndilo linalowachanganya watu, na kipimo cha faili peke yake hakilitoshi. Leseni ya kaunti. Soma Sura ya 301 kuanzia mwanzo hadi mwisho: mpangaji aliyepewa notisi na asiyekubaliana nayo anaweza kwenda barazani kabla ya siku ya notisi kufika. Leseni haikutajwa kuwa sharti la kusikilizwa. Baraza limejiongezea mlango na kumfungia mtu nje, sawasawa na tume iliyomdai Mmisri uraia wa Uingereza. Kwa hiyo ongeza kipimo cha pili: tafuta katika sheria sentensi inayolituma baraza kuuliza swali lile. Ukiikosa, na jibu la swali hilo ndilo lililoamua shauri, una kosa la mamlaka la aina ya Anisminic.

Lakini usijidanganye. Kila aliyeshindwa anaweza kusema baraza "lilijiuliza swali lisilo lake". Hata la M-Pesa ungeweza kulivalisha nguo hiyo: ati baraza liliuliza kama ujumbe unatosha badala ya kuuliza kama kodi ililipwa. Majaji huivua nguo hiyo haraka. Swali la kama kodi ililipwa ni la baraza, na kupima ushahidi wa kulijibu ni la baraza vile vile.

Amri ya nne ya kutoka inafuata tatu za kwanza. Ikianguka ya kwanza, hiyo haina pa kusimama.

Hatua ya nne: piga hesabu ya siku kabla ya kuchagua njia

Rufaa chini ya kifungu cha 15 ni ya siku 30, kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kutoka 18 Agosti 2025, siku ya mwisho ni 17 Septemba. Uamuzi wa mahakama hiyo juu ya rufaa ni wa mwisho kwa mujibu wa sheria hiyo.

Ombi la kuufuta uamuzi kwa njia ya mapitio ni la miezi sita: hadi 18 Februari 2026. Kwa Kanuni ya 53 unaanza kwa kuomba ruhusa, ukiwa na taarifa ya maombi na hati ya kiapo ya kuithibitisha. Ukipewa, una siku 21 za kufungua ombi lenyewe. Shauri hili linahusu upangaji wa ardhi na jengo, kwa hiyo hata mapitio yaende kwa mahakama hiyo hiyo ya Mazingira na Ardhi. Ukiyapeleka Mahakama Kuu kwa mazoea ya zamani, wewe ndiye utakayeambiwa umekosa mamlaka, na hakuna aibu kama hiyo.

Miezi sita inavutia kuliko siku 30, nao ndio mtego. Sheria ya Haki katika Matendo ya Utawala ya 2015, kifungu cha 9, inamtaka mtu amalize kwanza njia za rufaa alizonazo, isipokuwa mahakama imwachilie kwa hali ya pekee na kwa maombi. Jaji atakuuliza swali moja: mbona hukukata rufaa? "Kosa ni la mamlaka, baraza halikuwa na uwezo kabisa" ni jibu linaloweza kusimama. "Sikujua siku zimepita" halisimami.

Rai yangu kwa mpangaji wetu, aliyekuja ofisini wiki ya kwanza: kata rufaa ndani ya siku 30 na uweke mambo yote matatu humo. Rufaa hubeba kosa la mamlaka na kosa la M-Pesa pamoja, ilhali mapitio kwa kawaida yangebeba la kwanza na la pili tu. Angekuja Novemba, ningefungua mapitio juu ya hayo mawili, na la M-Pesa nisingeligusa hata kwa neno moja. Ukilitaja, upande wa pili utasema ombi zima ni rufaa iliyojificha, na jaji atakuwa nusu ameshakubali.

Je, sheria mpya haikuufuta mstari huu?

Kwa sehemu imeupunguza makali. Uingereza wenyewe, baada ya Anisminic, waliusukuma mpaka karibu kila kosa la sheria lenye uzito likawa linaweza kufutwa. Hapa kwetu, Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya kutendewa na utawala kwa njia halali na ya haki, na kifungu cha 7 cha ile sheria ya 2015 kinaorodhesha kuvuka mamlaka na, kando yake, uamuzi ulioathiriwa kwa uzito na kosa la sheria. Kwa hiyo baraza likisoma vibaya kifungu chake, unaweza kuja hata bila kuthibitisha kwamba limepoteza mamlaka. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilieleza pia kwamba anayekuja kwa mkono wa Katiba anastahili jaji achungulie kiini cha jambo kidogo, tofauti na anayekuja kwa Kanuni ya 53 peke yake.

Mstari umebaki na kazi pahali patatu ambapo unaumiza. Kwanza, kosa la ukweli wa mambo, kama M-Pesa yetu, bado liko upande wa ndani. Pili, kunyamaza. Mpangaji wetu mwenyewe ndiye aliyepeleka shauri barazani, na hakuna aliyesema neno juu ya miaka sita. Lingekuwa kosa la ndani, angeambiwa amekalia haki yake. Kwa kuwa ni la mamlaka, kunyamaza kwake hakukulipatia baraza kitu, na hoja inaweza kuibuliwa hata sasa. Ataulizwa, na pengine atanyimwa gharama za kesi, lakini hoja haifi. Tatu, kinachotokea baada ya kufuta, nacho nakimalizia hapo chini.

Hatua ya tano: andika hoja kwa maneno ya mamlaka

Usiandike "baraza lilikosea kuona kwamba..." Andika kilichokosekana katika sheria. Kwa jambo la kwanza: "Upangaji ni wa miaka sita ulioandikwa, hauna kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka mitano isipokuwa kwa ukiukaji wa masharti, si upangaji unaolindwa, baraza halikuwa na mamlaka ya kuusikiliza." Kwa la pili: "Baraza liliweka sharti la leseni ambalo halimo katika sheria, na kwa sababu hiyo likakataa kuamua swali ililotumwa kuliamua." Ambatanisha mkataba mzima, si kurasa mbili. Jaji atautafuta ule mstari wa notisi ya miezi mitatu, na asipouona kwa macho yake hatakuamini.

Pamoja na hayo, omba utekelezaji usimamishwe. Kifungu cha 14 kinamruhusu mwenye nyumba kupeleka nakala ya uamuzi katika mahakama ya hakimu na kuutekeleza kama hukumu ya mahakama hiyo. Akishafanya hivyo una karatasi mbili mbele yako, na lazima uombe zote mbili zianguke. Katika zile kesi za mabaraza ya ardhi watu walifuta uamuzi wa wazee wakasahau hukumu ya hakimu iliyoukumbatia, na dalali akaja hivyo hivyo.

Hatua ya sita: mwambie mteja atapata nini

Jaji akikubali la leseni peke yake, huenda shauri likarudishwa barazani lisikilizwe upya kwa swali sahihi. Akikubali la mkataba wa miaka sita, hakuna cha kurudisha: baraza haliwezi kutumwa tena kwenye kazi isiyo yake. Uamuzi wote unaanguka, pamoja na sehemu ambazo pengine zilikuwa zikimfaa mpangaji.

Notisi ya Februari nayo inabaki karatasi tu, kwa kuwa ilitolewa chini ya sheria isiyohusika na mkataba huu. Lakini mkataba wenyewe una kipengele cha kuvunjwa kwa kutolipa kodi, na mwenye nyumba anaweza kwenda nao mahakamani kesho yake. Huko ujumbe wa M-Pesa utapimwa kuanzia mwanzo, na ule wa Novemba, ambao hakuna aliyeuona mpaka leo, utaulizwa. Nilimwambia hivyo mzee wa kwenye mfano wetu, akafungua simu, akaanza kuutafuta.